Chatboti ya nyaraka inakosea: kosa liko masjala au kwa anayeandika barua?

Tuseme umetengeneza chatboti inayojibu maswali kutoka kwenye nyaraka zako. Siku ya kwanza kila mtu anapendezwa. Wiki ya pili malalamiko yanaanza: hiki kitu kinadanganya. Hapo wengi hukimbilia kubadilisha modeli ya lugha, wanachukua kubwa zaidi na ya bei zaidi. Wengine wanarefusha maelekezo, wanaongeza "usibuni jibu" kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao. Mwezi unaisha, gharama zimepanda, makosa ni yale yale.

Sababu ni kwamba chatboti ya namna hii si kitu kimoja. Ni wawili wanaofanya kazi kwa zamu. Fikiria ofisi ya serikali. Barua inaingia, karani wa masjala anatafuta faili linalohusika, analipeleka kwa ofisa, na ofisa anaandika jibu kwa kusoma kilichomo kwenye faili. Jibu likitoka bovu, kuna mambo mawili tofauti kabisa ambayo yanaweza kuwa yametokea: karani alileta faili la mtu mwingine, au faili lilikuwa sahihi ila ofisa hakulisoma vizuri. Kumpeleka ofisa masomoni hakusaidii chochote kama kila siku anawekewa mezani faili lisilo lake.

Kwenye chatboti, karani ni sehemu ya kutafuta. Nyaraka zako zimekatwa vipande vidogo, swali likija sehemu hii inachagua vipande vichache, mara nyingi kati ya vitatu na kumi, inavyodhani vinahusika. Ofisa ni modeli ya lugha: inapewa swali pamoja na vipande hivyo, inaandika jibu. Mpangilio huu ulipata jina la RAG kwenye makala ya Patrick Lewis na wenzake ya mwaka 2020. Hapa nitawaita mtafutaji na mjibuji. Swali letu ni moja tu: utajuaje nani kati yao anakuangusha, na kwa kiasi gani?

Mfano tutakaoufuata

Tuseme chatboti yako inajibu maswali ya wafanyakazi kuhusu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, na maandishi uliyoipa ni ya Kiswahili. Nimeichagua sheria hii kwa sababu majibu yake mengi ni namba, na namba ama ni sahihi au si sahihi. Pia kosa lina mwenyewe. Mama aliyejifungua mapacha akiambiwa ana likizo ya siku 84 wakati sheria inampa 100, amepoteza siku 16 za kukaa na watoto wake, na huenda asijue kamwe. (Vifungu nitakavyovitaja ni vya sheria kama ilivyopitishwa 2004. Sheria hurekebishwa, kwa hiyo kwa shauri lako mwenyewe soma toleo la sasa.)

Umekusanya maswali 40, umeyapitisha kwenye chatboti, na majibu 24 yametoka sahihi. Hiyo ni asilimia 60. Namba hizi 40 na 24, pamoja na nyingine zitakazofuata kutoka humo, nimezitunga mimi ziwe ndogo, ili uweze kuzifuata kwa kalamu na karatasi. Njia ya kuzihesabu ndiyo ya kuondoka nayo.

Asilimia 60 peke yake haikuambii ufanye nini kesho asubuhi. Majibu 16 ni mabovu, sawa, lakini kwa sababu gani? Ili kujua, inabidi umpime mtafutaji peke yake kwanza, kabla mjibuji hajafungua mdomo.

Kumpima mtafutaji kunahitaji vitu viwili

Wazo la kupima utafutaji peke yake ni la zamani kuliko chatboti. Miaka ya 1960 Cyril Cleverdon, mkutubi wa chuo cha masuala ya anga cha Cranfield, Uingereza, alitaka kujua ni mfumo gani wa kupanga nyaraka unaomfikisha msomaji kwenye makala anayoihitaji. Yeye na wenzake walikusanya makala 1,400, wakapata maswali kutoka kwa watafiti wenyewe, kisha wakaandika kwa kila swali ni makala zipi zinazohusika. Baada ya hapo mfumo wowote ungeweza kupewa maswali yale yale na kuhesabiwa umeleta nini na umeacha nini. Mashindano ya TREC yaliyoanza Marekani mwaka 1992 yamejengwa juu ya wazo hilo hilo. Na sisi tutafanya vile vile, kwa kiwango cha meza moja.

Kitu cha kwanza ni maswali, na hapa kuna mtego. Ukikaa umeifungua sheria mbele yako ukatunga maswali, utaazima maneno yake bila kujijua. Utaandika "Je, muda wa notisi ya kusitisha mkataba wa ajira ni upi?" kwa sababu macho yako yapo kwenye maneno hayo. Mtafutaji atakipata kifungu mara moja, na wewe utapiga makofi. Mfanyakazi halisi anaandika hivi: "bosi kanifukuza leo leo bila taarifa, alitakiwa anipe siku ngapi?" Hakuna "notisi", hakuna "kusitisha", hakuna "mkataba". Kwa hiyo chukua maswali kutoka kwa watu ambao hawajaisoma nyaraka, au kwenye kumbukumbu za chatboti kama tayari inatumika, na uyaache na lugha yake, makosa ya herufi yakiwemo.

Kitu cha pili ni ushahidi: kwa kila swali, ni maneno gani kwenye nyaraka yanayobeba jibu? Wengi huandika namba ya kipande, kwa mfano "kipande cha 57". Usifanye hivyo. Siku utakapobadilisha namna ya kukata nyaraka, kipande cha 57 kitakuwa kitu kingine na kazi yako yote itakuwa imepotea. Hata namba ya kifungu cha sheria haitoshi, na tutaona sababu hivi karibuni. Nakili maneno machache yenyewe yanayobeba jibu. Kama swali linahitaji sehemu mbili za sheria, nakili zote mbili.

Kisha waambie mafundi wako, au jiambie mwenyewe, kwamba kila swali likiulizwa vipande vilivyoletwa vihifadhiwe kwa mpangilio wake, kabla havijaenda kwa mjibuji. Mifumo mingi huhifadhi swali na jibu tu, vipande vinatupwa. Bila vipande huna cha kuchunguza.

Hesabu yenyewe ni fupi:

```python
def imepatikana(nukuu, vipande, k=5):
    maandishi = "\n".join(vipande[:k])
    return all(n in maandishi for n in nukuu)

idadi = sum(imepatikana(s["nukuu"], s["vipande"]) for s in maswali)
print(idadi, "kati ya", len(maswali))
```

Kwa kila swali tunauliza: je, maneno yote yanayobeba jibu yamo ndani ya vipande `k` vya kwanza? `k` iwe idadi ile ile ambayo mjibuji anapewa kweli. Kama mjibuji anapewa vitano, pima kwa vitano. Ukipima kwa 20 utapata namba nzuri zaidi, maana kuongeza `k` hakuwezi kupunguza kipimo hiki hata siku moja, lakini utakuwa unasifu vipande ambavyo mjibuji hakuwahi kuviona.

Kwenye mfano wetu jibu linakuja 26 kati ya 40, yaani asilimia 65. Hebu simama hapo kidogo. Katika maswali 14, mjibuji aliombwa kujibu kitu ambacho hakikuwepo mezani kwake. Hata angekuwa modeli bora kuliko zote duniani, angebaki na njia mbili: kusema "sijui" au kukisia.

Jedwali la vyumba vinne

Sasa rudi kwenye majibu. Yasahihishe bila kuangalia vipande, ili usimwonee mjibuji huruma wala kumwonea kwa kosa la mwenzake. Amua kabla ya kuanza "sahihi" maana yake nini. Kwa sheria yetu, jibu sahihi lina namba pamoja na sharti lake: aliyeuliza notisi anatakiwa kuambiwa siku 7 kama yuko ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi, na baada ya hapo siku 28 kama analipwa kwa mwezi, au 4 kama ameajiriwa kwa siku au kwa wiki. Kusema "siku 28" na kunyamaza ni nusu jibu, na lazima uwe umeamua mapema nusu jibu unaliweka upande gani. Kama mnaweza, wasahihishe watu wawili na mjadili pale mlipotofautiana.

Ukiunganisha vipimo viwili unapata hivi:

| | Jibu sahihi | Jibu bovu | Jumla |
|---|---|---|---|
| Ushahidi ulipatikana | 22 | 4 | 26 |
| Ushahidi haukupatikana | 2 | 12 | 14 |
| Jumla | 24 | 16 | 40 |

Jedwali hili dogo linasema kitu ambacho asilimia 60 haikusema. Kati ya majibu 16 mabovu, 12 yametokea wakati ushahidi haukuwepo. Robo tatu ya makosa yanaanzia masjala. Na mjibuji, pale anapopewa faili sahihi, anapatia mara 22 kati ya 26, karibu asilimia 85. Yule aliyetaka kununua modeli kubwa zaidi alikuwa anataka kumtibu mtu ambaye si mgonjwa sana.

Tutembee chumba kwa chumba, maana kila kimoja kina tabia yake.

Haukupatikana, jibu bovu: 12. Swali la mapacha liko humu. Kifungu cha 33 cha sheria kinatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 kama mfanyakazi amejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Namba hizo mbili ziko kwenye aya ndogo mbili zinazofuatana. Chatboti hii inakata nyaraka kila baada ya idadi fulani ya herufi, na mkato umeangukia katikati: siku 84 zimebaki mwisho wa kipande kimoja, siku 100 zimeanza kipande kingine. Mtafutaji akaleta kile cha kwanza. Mjibuji akasoma, akaona 84, akajibu 84 kwa uaminifu wote.

Mtu akiangalia kwa haraka atasema, "Lakini kifungu cha 33 kilipatikana! Modeli ndiyo imeshindwa kuelewa mapacha." Hii ndiyo sababu nilisema namba ya kifungu haitoshi kama ushahidi. Ushahidi wa swali hili ni maneno yenye siku 100, na hayo hayakuwa mezani.

Swali la "bosi kanifukuza" nalo liko humu, kwa sababu nyingine. Watafutaji wengi hutumia njia ya kulinganisha maneno, na maarufu zaidi inaitwa BM25: inatoa alama kwa kipande chenye maneno ya swali, na neno adimu linapewa uzito zaidi ya neno la kawaida. Kwa Kiswahili njia hii ina shida ya pekee. Kwetu kitenzi hubeba nafsi, wakati na hali vyote ndani yake. "Kanifukuza", "nimefukuzwa", "atafukuzwa" na "kufukuzwa" ni jambo moja kwako na kwangu, lakini kwa BM25 isiyojua kuchambua kitenzi hayo ni maneno manne yasiyo na undugu. Na hata angepata mzizi wake, sheria haisemi "kufukuza", inasema "kusitisha ajira".

Njia nyingine ni ya vekta: kila kipande kinageuzwa kuwa orodha ndefu ya namba, na vipande vyenye maana za karibu hupata namba za karibu. Hii inaweza kuunganisha "fukuza" na "sitisha". Lakini modeli nyingi zinazotengeneza vekta hizo zimefunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, kwa hiyo usichukue alama zilizotangazwa kwa Kiingereza ukadhani ndizo utakazozipata. Pima kwa maswali yako 40.

Ulipatikana, jibu bovu: 4. Haya ndiyo makosa yanayostahili kumpeleka ofisa masomoni. Mfano: "Nimefanya kazi miaka 13 mfululizo, kiinua mgongo changu ni mshahara wa siku ngapi?" Kifungu cha 42 kinasema mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Jibu ni siku 70. Chatboti inasema 91, yaani 7 mara 13. Maneno ya ukomo yalikuwa kwenye kipande, mjibuji hakuyatumia. Hilo ni lake.

Haukupatikana, jibu sahihi: 2. Chumba hiki watu hukiruka kwa sababu majibu ni mazuri. Usikiruke. Mtu ameuliza likizo ya mwaka ni siku ngapi, chatboti imejibu 28, na ni kweli: sheria inatoa siku 28 mfululizo. Lakini ukifungua vipande vilivyoletwa, kifungu cha likizo ya mwaka hakimo. Kilicholetwa ni kifungu cha notisi, ambacho nacho kina siku 28! Kumbe imepatia kwa bahati ya namba kufanana. Uwezekano wa pili ni kwamba modeli ilijua jibu kutokana na mafunzo yake, bila kusoma faili. Leo hilo linaonekana ni zuri, lakini siku sheria ikirekebishwa nawe ukaweka nyaraka mpya, modeli itaendelea kutoa kumbukumbu yake ya zamani. Uwezekano wa tatu ni kosa lako: jibu limeandikwa pia sehemu nyingine ya nyaraka ambayo hukuiweka kwenye ushahidi. Ikiwa ni hivyo, ongeza nukuu hiyo kama njia mbadala na uhesabu upya.

Jaribio la kumkabidhi faili mkononi

Jedwali linatuonyesha makosa yanaanzia wapi, ila kuna swali limebaki: tukimtengeneza mtafutaji, tutapata faida kiasi gani? Tunaweza kujua kabla ya kugusa chochote. Muondoe karani kabisa. Kwa kila swali kati ya 40, chukua kifungu sahihi kwa mkono wako, mpe mjibuji hicho peke yake, kisha sahihisha majibu kama mwanzo.

Tuseme sasa anapatia 35. Hiyo ndiyo dari ya mjibuji huyu kwa maelekezo haya. Kutoka 24 hadi 35 ni maswali 11, na hayo ndiyo uliyonayo ya kupata kwa kushughulikia utafutaji tu, bila kubadilisha modeli. Maswali 5 yaliyobaki hayatapona hata karani akiwa malaika.

Usiishie kwenye jumla, angalia pia nani amehama. Katika yale 14 ambayo ushahidi haukupatikana, sasa 12 yamejibiwa vizuri. Mawili bado mabovu: hayo yana magonjwa mawili, ukitibu utafutaji pekee hayatapona. Katika yale 4 ambayo ushahidi ulikuwepo na jibu likawa bovu, matatu yamebaki mabovu, likiwemo la kiinua mgongo. Moja limepona. Lipi?

"Mke wangu kajifungua jana, mimi baba napata siku ngapi?" Sheria inampa baba angalau siku 3 za likizo yenye malipo, akizichukua ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kipande chenye jibu kilikuwa nafasi ya tatu kati ya vitano. Juu yake kulikuwa na vipande viwili vya likizo ya uzazi ya mama, na chatboti ikamjibu baba wa watu kwamba ana siku 84. Vipande hivyo vilipoondolewa, ikasema 3. Kwa hiyo kosa hili, ingawa lilikuwa upande wa "ulipatikana", kwa kweli ni la pamoja: karani alileta faili sahihi likiwa limefunikwa na mengine yanayofanana nalo. Mwaka 2023 Nelson Liu na wenzake walionyesha kwamba modeli za lugha hutumia vizuri zaidi habari iliyoko mwanzoni au mwishoni mwa maandishi marefu zinayopewa, kuliko iliyoko katikati. Ndiyo maana, mbali na kuuliza "kimo au hakimo", inafaa uandike pia kipande sahihi kilikuwa nafasi ya ngapi. Na ndiyo maana kumwaga vipande 20 mezani si dawa ya bure: kipimo cha utafutaji kitapanda, majibu yanaweza kushuka.

Dawa, na kupima tena

Ugonjwa sasa unajulikana, kwa hiyo dawa ni chache na zina mwelekeo. Kwa tatizo la mkato, acha kukata kwa idadi ya herufi. Sheria tayari imegawanywa vifungu, na kifungu kizima kikae kipande kimoja. Kwa tatizo la maneno, tumia BM25 na vekta pamoja na uunganishe orodha zao, au ambatisha kwenye kila kifungu maneno ambayo watu huyatumia mtaani: kwenye kifungu cha notisi andika fukuza, achisha, toa kazini. Fanya badiliko moja, pima, kisha lingine. Ukifanya yote kwa pamoja hutajua lipi limesaidia.

Uzuri wa kumpima mtafutaji peke yake unaonekana hapa. Kila jaribio linachukua sekunde chache na halihitaji kulipia modeli ya lugha wala kusahihisha majibu 40 kwa mkono. Unaweza kujaribu mikato kumi mchana mmoja, ukaacha usahihishaji wa majibu kwa ule mmoja au miwili iliyofanya vizuri.

Tuseme baada ya mabadiliko utafutaji umetoka 26 hadi 34, na majibu sahihi yamefika 30. Hapo kuna maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kushangilia.

La kwanza: ni tofauti ya kweli au ni bahati? Maswali 40 ni machache. Asilimia 65 iliyopimwa kwa maswali 40 ina kosa la kawaida la karibu pointi 7.5, maana yake ukichukua maswali mengine 40 ya aina hiyo hiyo ungeweza kupata popote kati ya asilimia 50 na 80 bila mfumo kubadilika hata kidogo. Lakini wewe umetumia maswali yale yale mara mbili, kwa hiyo linganisha swali kwa swali. Kama 9 yaliyokuwa hayapatikani sasa yanapatikana, na 1 lililokuwa linapatikana limepotea, hiyo ni dalili yenye nguvu. Kama 14 yameingia na 6 yametoka, jumla ni ile ile 34, ila mfumo umetikisika tu na ni vigumu kusema umepona. Na lile moja lililopotea lifungue ulisome, mara nyingi ndilo linalokuonyesha dawa yako imeumiza wapi.

La pili: umetibu ugonjwa au umekariri mtihani? Ukiongeza maneno ya mtaani huku unayasoma maswali yako 40, bila shaka hayo 40 yatapona. Ndiyo maana inafaa kutenga tangu mwanzo maswali kama 15 ambayo huyagusi kabisa mpaka mwisho. Kama nayo yamepanda, dawa ni ya kweli.

Mahali kipimo hiki kinapofikia ukomo

Kuna maswali ambayo nyaraka haziyajibu. Mtu anauliza kima cha chini cha mshahara wa sekta yake, nacho hakimo kwenye maandishi ya sheria yenyewe, hutangazwa kwa amri ya waziri. Hapa hakuna ushahidi wa kupata, na ukiliweka swali hili kwenye jedwali utamhukumu karani kwa kutoleta faili ambalo halipo. Yaweke kando, kwenye kundi lake, na kipimo chake kiwe kimoja: je, mjibuji amekiri kwamba jibu halimo? Mara nyingi inatosha kuwa na maswali kumi ya namna hii kuona kama chatboti yako ina tabia ya kujaza pengo kwa maneno matamu.

Pia kuna maswali yasiyo na nukuu moja ya kuonyesha, kama "nina haki gani nikiwa mjamzito?" Jibu limetawanyika vifungu vingi, na kusema "imepatikana" au "haijapatikana" ni kulazimisha. Kwa hayo hesabu ni nukuu ngapi kati ya zinazohitajika zimeletwa, tatu kati ya tano kwa mfano, na usizichanganye na zile za ndiyo au hapana.

Kama una chatboti inayokusumbua sasa hivi, anza na yale majibu mabovu uliyoletewa na watumiaji wiki hii. Hata yakiwa kumi tu, fungua vipande vilivyoletwa kwa kila moja na utafute kwa macho yako maneno yenye jibu. Weka alama mbili tu, "yamo" au "hayamo". Ndani ya saa moja utajua uende kuzungumza na karani au na ofisa.